Kubadilisha maandishi yaliyo chini ya utando wa rangi kwenye bango

Mabango mengi hutengenezwa kwa kupitisha utando wa rangi usio mzito juu ya picha na maandishi. Kama faili lenye matabaka lipo, kazi ni nyepesi: hufunguliwa tabaka la maandishi, maneno hubadilishwa, na utando huendelea kuyafunika kama awali. Tatizo huja pale iliyobaki ni JPEG peke yake, ambamo kila kitu kimeshikana.

Chukua bango la maonyesho ya vitabu lenye mwaka 2024 unaotakiwa kusomeka 2025. Kinachobadilika ni tarakimu moja tu, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, lakini mtu akiandika 5 nyeupe juu yake, itang'aa kuliko zile tatu za mwanzo. Nyeupe ya asili ilikwisha kuchanganyika na bluu ya utando.

Kwanza hufutwa ile 4 kwa kifaa cha kunakili eneo, Clone katika GIMP. Kiraka kichukuliwe ndani ya utando, karibu na tarakimu yenyewe. Kikitoka nje yake, doa litaonekana.

Kisha hupimwa rangi katikati ya mstari mnene wa herufi, wala si ukingoni ambako pikseli zimechanganyika na mandhari. Ni bora kuchukua wastani wa pikseli kadhaa, kwa kuwa JPEG huacha chengachenga. Tuseme nyeupe inasomeka 102, 138, 198 (nyekundu, kijani, bluu). Tarakimu mpya ikiandikwa kwa rangi hiyo hiyo juu ya picha, bila kupunguza Opacity, inalingana na zile jirani.

Ugumu halisi huanza neno linapovuka ukingo wa utando, nusu ndani na nusu nje. Hapo sharti utando wenyewe ujulikane. Tafuta mahali palipokuwa peusi kabisa chini yake. Tuseme panasomeka 0, 36, 96. Tofauti kati ya nyeupe na nyeusi ni 102 katika kila rangi, badala ya 255 ya awali. Hiyo ni asilimia 40, kwa hiyo utando una uzito wa asilimia 60. Gawanya 0, 36, 96 kwa 0.6, upate bluu yenyewe: 0, 60, 160. Sasa maandishi huandikwa kwa nyeupe safi, na juu yake huwekwa tabaka la bluu hiyo lenye Opacity 60, likifunika herufi tu na kuishia pale pale utando wa zamani unapoishia.

Hesabu hii haifai ikiwa nyeusi imebaki nyeusi tii chini ya utando. Hiyo ni dalili kwamba ilitumika hali ya Multiply, ambayo huzidisha rangi badala ya kuzichanganya. Hapo nyeupe iliyofunikwa ndiyo inayoonyesha rangi ya utando moja kwa moja.