Kabla useme jamaa alizimika, soma hiyo picha ya stopwochi vizuri

Umetumiwa picha ya stopwochi kwenye simu. Ni mbio za mita 1,500 na namba ziko nne: 0:51.2, 1:59.6, 3:09.1 na 4:15.6. Chini yake mtu ameandika ati jamaa alianza kwa fujo, kisha akazimika. Ukimwamini, wiki ijayo kijana ataambiwa aanze polepole. Hebu tupige hesabu kwanza.

Namba zinazidi kupanda, sivyo? Basi hiyo ni jumla tangu mbio zianze, si muda wa kila mzunguko. Saa nyingi huwa na zote mbili: jumla kwenye SPLIT, mzunguko kwenye LAP. Hapa picha imenasa jumla pekee, kwa hivyo kutoa ni kazi yako.

Na ni kwenye kutoa ambapo kikokotoo cha simu huchezea watu shere. Ukiandika 3.091 utoe 1.596, utapata 1.495, useme mzunguko ulichukua dakika 1 na sekunde 49.5. Wapi! Dakika ina sekunde 60, si 100. Geuza zote ziwe sekunde: 51.2, 119.6, 189.1, 255.6. Sasa toa kila moja kwa inayoifuata, upate 68.4, 69.5 na 66.5.

Je, ile 51.2 ya kwanza? Hapo ndipo mwenye maneno alipoteleza. Uwanja ni mita 400 kwenye leni ya kwanza, na 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Wakimbiaji huanzia mita 300 kabla ya mstari wa kumalizia, kwa hivyo saa ilipobonyezwa mara ya kwanza walikuwa wamekimbia 300 tu. Gawa 51.2 kwa 3, zidisha kwa 4: ni 68.3 kwa mzunguko mzima. Fujo iko wapi? Jamaa alitulia, akalegea kidogo mzunguko wa kati, halafu akamaliza kwa kasi kuliko alivyoanza.

Wastani nao usigawe kwa 4 kwa sababu umeona namba nne, utapata 63.9, kasi ambayo hakuikimbia popote. Gawa 255.6 kwa 3.75, ni sekunde 68.2 kwa mzunguko. Ukitaka kwa kilomita, gawa kwa 1.5: 170.4, yaani dakika 2 na sekunde 50.4.

Jua likipiga kioo cha saa, 9 huonekana kama 3. Ukisoma 3:03.1, mizunguko inakuwa 68.4, 63.5 na 72.5. Mmoja umepungua sekunde 6, unaofuata umeongezeka sekunde 6 zile zile, huku jumla ikibaki ilivyo. Ukiona hivyo, usimlaumu mkimbiaji bado. Kuza picha uikague namba iliyo kati ya mizunguko hiyo miwili.