Bango la "Upo Hapa" Linavyofichua Picha Ilipopigwa

Anayetaka kujua picha imepigwa wapi mara nyingi hukazia macho majengo na milima, akaliacha bango la ramani ya watalii lililosimama pembeni. Mimi huanza na bango hilo, kwa sababu ile nukta ya "Upo hapa" ni jibu lililokwisha kuandikwa.

Mfano mzuri ni mabango ya waenda kwa miguu ya London, yaitwayo Legible London, yaliyoanza kwa majaribio eneo la Bond Street mwaka 2007. Ramani zake hazijafungwa na desturi ya kaskazini kuwa juu. Juu ya ramani ni kule anakoelekea msomaji aliyesimama mbele ya bango. Kwa hiyo bango hukuambia mahali, na pia kamera ilielekea wapi.

Tuseme kwenye picha unasoma Great Russell Street, na jengo kubwa la Makumbusho ya Uingereza limechorwa chini ya nukta. Makumbusho hayo yako kaskazini ya mtaa huo. Yakiwa chini, basi juu ni kusini. Mtaa wa Bury Place utauona kushoto na Coptic Street kulia, kinyume cha ramani ya simu yako. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani wamekosea mji. Igeuze ramani ya simu juu chini na mitaa italingana. Kisha hakiki: nyuma ya bango pawe na maduka ya upande wa pili wa mtaa. Zikionekana nguzo za makumbusho, rudi mwanzo. Huenda umesoma mitaa vibaya.

Na kama bega la mtu limeziba nukta? Ramani huwa na duara la mwendo wa dakika kadhaa, na kitovu chake ni bango lenyewe. Kipande cha duara kinatosha. Chagua nukta tatu juu yake, ziunganishe kwa mistari miwili, kisha katikati ya kila mstari chora mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Mistari hiyo miwili ya mwisho inapokutana ndipo bango liliposimama. Ila picha iwe imepigwa kutoka mbele. Ikipigwa kwa upande, duara hulala na kuwa yai, na kitovu kitahama.

Kwenye mabango ya miji mingine, nukta huwa imefutika kwa vidole vya wapita njia. Basi tafuta doa jeupe lililochakaa kwenye ramani, kwani watu hugusa zaidi pale walipo.

Ninaloliogopa ni bango la mbuga au ufukwe lililochorwa kwa madoido, lisilo na vipimo wala nukta. Mchoro uleule huweza kusimikwa kwenye kila lango. Hilo litakupa jina la mbuga; lango utalitafuta kwa miti, lami na paa zilizo nyuma yake.