Kutoka T1 kwenda D1: Jinsi ya kuandika barua TANESCO ikakubaliwa

Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kununua umeme wa shilingi 5,000 siku moja, moja ikapata uniti 41 na nyingine uniti 14. Mita ni nzima zote mbili na hakuna aliyeibiwa. Tofauti ni kundi la bei. Ya kwanza iko D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani. Ya pili iko T1, kundi ambalo mitaani limezoeleka kuitwa "tarifu ya biashara". Mwenye nyumba ya pili anaweza kuiandikia TANESCO akiomba ahamishwe, na kama anastahili, barua ya ukurasa mmoja inatosha. Lakini barua nyingi za aina hii hukwama kwa sababu zinaomba kwa hoja isiyo yake.

Hoja hiyo dhaifu ni hii: "Mimi nina nyumba ya kuishi, sina biashara, basi nitolewe T1." Anayeandika hivyo anadhani T1 ni ya wafanyabiashara peke yao. Sivyo. T1 ni kundi la matumizi ya kawaida, na ndani yake zimo nyumba za kuishi, maduka, viwanda vidogo, taa za barabarani hata mabango ya matangazo. Nyumba ya kuishi inayotumia umeme mwingi iko T1 kihalali. D1 ina masharti yake: mteja awe wa nyumbani, apate umeme wa fezi moja wa volti 230, na matumizi yake kwa wastani yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo kutokuwa na biashara ni sehemu tu ya hoja. Sehemu nzito ni kuonyesha kwamba unatumia umeme kidogo.

Ukiziangalia bei utaelewa kwa nini shirika linalinda mlango huo. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016, uniti moja ya T1 ni shilingi 292. Kwa D1, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Juu ya bei hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ukijumlisha yote, uniti ya T1 inamfikia mteja kwa takriban shilingi 356, ya D1 kwa shilingi 122, na ile inayozidi 75 kwa shilingi 427.

Sasa chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti 150 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza zitagharimu shilingi 9,150 na 75 zinazofuata shilingi 32,025, jumla shilingi 41,175. Uniti hizohizo katika T1 zingegharimu zaidi ya shilingi 53,000. Maana yake ni kwamba hata anayevuka kikomo mara mbili bado angenufaika kubaki D1, ingawa nafuu hiyo haikuwekwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mteja anayezidi uniti 75 mwezi baada ya mwezi hupelekwa T1, na ndiyo maana anayeomba kurudi huulizwa kwanza rekodi ya manunuzi yake.

Kabla ya kuandika, hakikisha uko kundi gani. Chukua risiti au ujumbe wa Luku, tazama kiasi ulicholipa na uniti ulizopata. Shilingi 10,000 katika T1 huleta uniti 28 na kidogo. Katika D1, kama hujanunua kitu mwezi huo, huleta uniti 77 hivi. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku, na makato hayo hupunguza uniti. Wapo waliokimbilia ofisini wakidhani wamebadilishiwa kundi, kumbe ni kodi ya jengo au deni la zamani lililokatwa. Risiti huonyesha kila makato kwenye mstari wake, basi isome yote.

Tutazame mfano. Familia ya watu watano imenunua nyumba Kihonda, Morogoro. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na saluni chumba cha mbele, na mita ilibaki T1. Saluni haipo tena na chumba kile sasa ni cha kulala. Familia imekusanya ujumbe wa Luku wa miezi sita, ikajumlisha uniti za kila mwezi: 58, 61, 55, 66, 63 na 57. Jumla ni uniti 360, wastani uniti 60. Kwa T1 wanalipa kama shilingi 21,370 kwa mwezi. Kwa D1 wangelipa shilingi 7,320. Tofauti ni shilingi 14,000 na ushee kila mwezi, yaani karibu 168,000 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inaaminika kwa sababu vifaa vilivyomo ndani vinaiunga mkono. Friji ndogo inayokula uniti moja kwa siku hufanya uniti 30 kwa mwezi. Runinga ya wati 80 ikiwashwa saa tano kila siku hufanya 12. Taa sita za wati 9 kila moja, saa tano kila usiku, hufanya 8. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa mbili kwa wiki hufanya nyingine 8 au 9. Umekaribia uniti 60. Lakini familia hiyo ikinunua jiko la koili la wati 2,000 na kuliwasha saa moja tu kwa siku, jiko hilo peke yake litaongeza uniti 60, na sifa ya D1 itakuwa imeondoka. Kiyoyozi na hita ya maji ni hivyohivyo. Afisa anayekuja kukagua nyumba huangalia vifaa hivyo, na hesabu yako ikipingana na anachokiona sebuleni, barua inakuwa na tatizo.

Sasa barua yenyewe. Iandikwe kwa Meneja wa TANESCO wa wilaya au mkoa wako, isizidi ukurasa mmoja, na iwe na namba ya mita. Bila namba hiyo hakuna anachoweza kutafuta kwenye mfumo. Ya familia yetu ya Kihonda ingesomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUHAMISHWA KUTOKA KUNDI LA T1 KWENDA D1, MITA NAMBA ...

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyopo Kihonda yenye mita tajwa, ya fezi moja. Mita hii iliwekwa kundi la T1 wakati mmiliki wa awali akiendesha saluni katika nyumba hii. Saluni ilishafungwa na nyumba yote inatumika kwa makazi ya familia moja.

Kwa miezi sita iliyopita manunuzi yetu yamekuwa uniti 58, 61, 55, 66, 63 na 57, wastani wa uniti 60 kwa mwezi, chini ya kikomo cha uniti 75. Nimeambatanisha nakala za risiti, barua ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho.

Naomba mita hii ihamishiwe D1. Niko tayari nyumba ikaguliwe siku yoyote kwa taarifa kupitia simu namba ..."

Angalia ilivyopangwa. Inaanza na sababu ya mita kuwa T1, inasema nini kimebadilika, inatoa tarakimu za kila mwezi, kisha inaomba jambo moja. Haina malalamiko ya ugumu wa maisha, maana afisa hapimi hali ya maisha, anapima uniti. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia hasa pale palipokuwa na biashara, kwa kuwa inathibitisha kwamba imefungwa. Kama mita bado ina jina la mwenye nyumba wa zamani, omba na kubadilisha jina, na uambatanishe hati ya mauziano. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo.

Kuna nyumba ambazo barua hii haitazisaidia hata ikiandikwa vizuri. Yenye mita ya fezi tatu haiingii D1, hata ikitumia uniti 40. Yenye duka au mashine ya kusaga kwenye mita ileile haiingii pia. Hapo dawa ni kuomba mita ya pili ya biashara, ya nyumbani ibaki peke yake. Nyumba yenye wapangaji wanne wanaochangia Luku moja huvuka uniti 75 kwa urahisi ingawa kila mmoja anatumia kidogo. Vimita vya ndani wanavyofungiana kugawana gharama havibadilishi kitu, maana TANESCO inaona mita moja tu.

Ombi likikubaliwa, uniti zilizomo kwenye mita hubaki kama zilivyo, na bei mpya huanza kwenye manunuzi yanayofuata. Baadhi ya mita huhitaji kuingizwa namba za ziada za tarakimu 20 kabla ya ile ya umeme, kama wateja wa Luku walivyofanya 2024 wakati wa maboresho ya mita. Ziingize kwa mpangilio uliopewa. Baada ya hapo jihadhari na ununuzi wa mkupuo. Luku huhesabu uniti unazonunua, hata kama hujazitumia. Ukinunua 150 mwezi mmoja kwa sababu unasafiri, nusu yake utalipia shilingi 427 kila moja.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kama sababu ni wastani mkubwa, omba uonyeshwe rekodi ya manunuzi ulinganishe na risiti zako. Kama barua haijibiwi, andika ya kukumbusha ukitaja tarehe ya muhuri, kisha ndipo upeleke lalamiko EWURA ukiwa na nakala zote mbili. EWURA hutaka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukuelekeza namna ya kuliandaa lalamiko hilo.

Basi kabla hujashika kalamu, fungua simu yako ujumlishe uniti za miezi sita iliyopita na kuzigawa kwa sita. Ukipata chini ya 75, andika wiki hii. Ukipata zaidi, anza na jiko, hita au mita ya pili, kwa maana hakuna maneno ya barua yatakayoishinda rekodi ya Luku yako mwenyewe.