Tangazo la waifai pale kaunta

Saa tano asubuhi, katika mgahawa mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, dada mhudumu anatoka jikoni na sinia la chapati na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Kabla hajafika meza ya dirishani ameshaulizwa mara tatu: "Dada, pasiwedi ya waifai ni ipi?" Mara ya tatu anasimama, anaegesha sinia kwenye meza ya watu wengine na kuanza kutaja herufi moja moja. Mteja anakosea, naye anarudia. Chai inapoa.

Ukutani nyuma yake lipo tangazo: "WAIFAI BURE. ULIZA MHUDUMU." Usumbufu wote ule umeanzia hapo.

Zamani mgahawa huo ulikuwa umebandika neno la siri lenyewe, likisomeka hata na mtu aliyesimama mlangoni. Haikuchukua muda likafika saluni ya jirani, kijiwe cha bodaboda na ghorofa ya juu, kwa sababu mawimbi ya waifai hayaishii mlangoni. Yanapenya ukuta na dirisha, na mtu aliye nje hatua kadhaa anayapata vizuri tu. Mwenye mgahawa aligundua asubuhi moja, kabla mteja wa kwanza hajaingia: alifungua orodha ya vifaa kwenye ruta akakuta simu 11 zimeunganishwa. Viti vyote vilikuwa vitupu. Huko ndiko kupima kulikosahihi, na mwenye mgahawa yeyote anaweza kukufanya kwa dakika mbili.

Dawa aliyoichagua ni vocha. Kila risiti ya kuanzia shilingi 3,000 hutoka na namba ya tarakimu sita chini yake. Mteja huchagua mtandao wa wageni, ukurasa wa kuingilia hufunguka, anaandika namba, basi. Saa mbili zake huanza kuhesabiwa pale anapoingia, si pale risiti inapochapwa. Hilo lazima tangazo liliseme, maana aliyesubiri supu nusu saa ataona ameibiwa muda wake.

Ugumu huja pale ukurasa usipofunguka. Mara nyingi simu haina kosa. Ruta hujaribu kumgeuza mteja njiani: badala ya kumpeleka anakotaka, imlete kwanza kwenye ukurasa wa vocha. Lakini tovuti nyingi siku hizi huanza na https, yaani mazungumzo yamefungwa kwa kufuli, na kivinjari kikiona mtu wa kati anajaribu kujibu kwa niaba ya tovuti, hukataa na kutoa onyo. Mteja anaona onyo hilo au ukurasa mweupe, anadhani waifai imekufa. Dawa yake ni kuzima data ya simu kwa muda, kuzima VPN kama ipo, kisha kuandika kwenye kivinjari anwani isiyo na kufuli:

```
http://neverssl.com
```

Ukurasa wa vocha utajitokeza. Mstari huo mmoja kwenye tangazo unamwokolea dada yule safari nyingi za kwenda na kurudi.

Kuna la pili linalowachanganya watu. Simu za sasa huficha anwani yake halisi na kuutolea kila mtandao anwani ya kubuni. Mteja akiiambia simu "sahau mtandao huu" kisha akaunganisha upya, inaweza kuja na anwani nyingine, na ruta ikaiona kama simu ngeni inayotaka kutumia vocha ya mwenzake. Hapo inamkatalia. Kwa hiyo tangazo linamwomba asiusahau mtandao, azime waifai na kuiwasha tu. Ikishindikana, kaunta humpa namba mpya bila kumhoji kama mwizi.

Sasa kanuni za matumizi. Hapa ndipo matangazo mengi huharibika, kwa kuwa hukemea bila kueleza. "Usipakue filamu" ni amri kavu. Mteja aliyelipia chakula chake ana haki ya kujua sababu, na sababu yenyewe ni hesabu.

Mgahawa unalipia megabiti 20 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 4 ni sawa na megabiti 32,000, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Gawanya kwa 20, unapata sekunde 1,600, karibu dakika 27. Kwa muda wote huo mtu mmoja angekuwa ameinywa laini nzima, na wengine 23 wakibaki na matone. Ndiyo maana ruta imepangwa kumpa kila kifaa megabiti 2 na si zaidi. Kiasi hicho kinatosha ujumbe, barua pepe, kusoma habari, hata simu ya video ya kawaida. Filamu ile ile sasa ingetaka zaidi ya saa nne, na vocha ni ya saa mbili.

Mtu mwangalifu atauliza: watu 24 mara megabiti 2 si 48, na laini ina 20 tu? Ni kweli. Lakini anayesoma habari huvuta ukurasa kwa sekunde chache kisha hutulia akisoma, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Hesabu hugoma wakati watu zaidi ya kumi wanavuta mfululizo kwa pamoja, na kwa mgahawa huo ni mchana, kuanzia saa saba hadi saa nane. Kwa hiyo tangazo linaomba video zisubiri muda huo upite.

Adui asiyeonekana yuko upande wa kupandisha. Laini ile hupandisha megabiti 5 tu. Simu nyingi zikiona waifai huanza kimya kimya kutuma picha na video za wiki nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, wala mwenye simu hana habari. Upande huo ukijaa, hata kushusha kunazorota, kwa sababu kila kinachopokelewa lazima simu itume jibu kwamba kimefika, na majibu hayo nayo yamekwama kwenye foleni. Dalili yake ni rahisi kuitambua: hakuna anayetazama video, lakini simu za sauti zinakatika na sauti inafika nusu nusu. Ukiona hivyo, tafuta nani anapandisha.

Baada ya majaribio kadhaa, karatasi iliyobandikwa kaunta na kwenye kila meza inasomeka hivi:

"Karibu. Chagua mtandao Mgahawa_Wageni, andika namba iliyo chini ya risiti yako. Namba moja, kifaa kimoja, saa mbili tangu unapoingia. Ukurasa usipofunguka, zima data na VPN, kisha fungua http://neverssl.com. Kila mtu anapata megabiti 2 ili sote tutumie. Tafadhali simamisha kuhifadhi picha mtandaoni ukiwa hapa, na video zisubiri baada ya saa nane mchana. Ukurasa wetu hauulizi namba ya simu wala namba ya siri ya pesa. Ukiulizwa, toka na utuambie."

Sentensi hizo mbili za mwisho zina uzito kuliko zote. Mtu yeyote anaweza kuwasha mtandao wenye jina linalofanana, akatengeneza ukurasa wa kuvutia na kumwomba mteja namba ya siri ya M-Pesa "ili kuthibitisha". Jina la mtandao limeandikwa kamili, pamoja na mstari wa chini kati ya maneno mawili, ili mteja alilinganishe na anachokiona kwenye simu yake kabla hajabonyeza.

Dada mhudumu sasa anaulizwa jambo moja tu: risiti iko wapi. Anaionyesha kwa kidevu, sinia likiwa mikononi.