Mti Unaorefuka Kutoka Mzizini

Karani wa benki akiandika namba ya mteja, jina hutokea kabla hajainua kidole. Kompyuta haikupitia orodha nzima kumtafuta mtu huyo. Ilitumia faharasa, na katika hifadhidata zinazotumika kwa wingi, kuanzia PostgreSQL na MySQL kwenye seva hadi SQLite iliyomo kwenye simu, faharasa ya kawaida hupangwa kwa muundo uitwao mti-B. Waliouvumbua ni Rudolf Bayer na Edward McCreight, watafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing nchini Marekani, walioueleza mwaka 1970.

Shida waliyokuwa wakiitatua ilitokana na diski. Kumbukumbu ya kompyuta hujibu haraka mno, lakini diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kupeleka kichwa chake mahali panapotakiwa. Kwa hiyo, anayepanga data kwenye diski ana jambo moja la kuhesabu kwanza: ni mara ngapi italazimu kwenda kusoma. Diski mpya zisizo na sehemu inayozunguka zina kasi zaidi, ila nazo bado ziko nyuma sana ya kumbukumbu. Tena diski haisomwi herufi moja moja. Husomwa kwa vipande vinavyoitwa kurasa, na PostgreSQL hutumia ukurasa wa kilobaiti 8.

Chukua mti wa kawaida wa kompyuta, ambao kila nodi ina namba moja na njia mbili: ndogo zinakwenda kushoto, kubwa kulia. Kumpata mteja mmoja kati ya milioni 27 kunahitaji hatua zipatazo 25. Kila hatua ikimaanisha safari ya diski, robo sekunde imekwisha kwa swali moja, na benki ina makarani wengi.

Mti-B huufanya ukurasa mzima kuwa nodi moja. Ukishaingia gharama ya kuusoma, afadhali ukute humo namba 300 kuliko moja. Ukurasa wa juu kabisa, ambao ndio mzizi, huelekeza kwenye kurasa 300. Kila mmoja wa hizo huelekeza kwenye nyingine 300. Na kila ukurasa wa ngazi ya chini, yaani jani, hubeba namba 300. Ngazi tatu tu zimekwisha kutosha wateja milioni 27. Ngazi ya nne ikiongezwa, nafasi hufikia bilioni 8.1. Isitoshe, mzizi na ngazi ya pili ni kurasa 301, zisizozidi megabaiti 2.5 kwa jumla, hivyo hukaa kwenye kumbukumbu muda wote. Kinachobaki ni safari moja ya diski kwenda kulisoma jani.

Mti mpana namna hiyo ni rahisi kuujenga mara moja kutokana na orodha iliyokwisha kupangwa. Kazi ngumu ni kuuweka katika hali hiyo huku wateja wapya wakiingia kila dakika, kila mmoja na mahali pake katikati ya wenzake. Hapo ndipo kugawanya nodi kunapohitajika.

Ili tuone kwa macho, tuseme ukurasa unachukua namba nne tu. Tunaingiza 40, 15, 62 na 27. Zote zinaenea katika ukurasa mmoja, zikiwa zimepangwa: 15, 27, 40, 62. Sasa inakuja 33, na nafasi hakuna. Tunazipanga zote tano, tunatazama ya katikati, nayo ni 33 yenyewe. Mbili ndogo zinabaki kwenye ukurasa wa zamani, mbili kubwa zinahamia ukurasa mpya, na 33 inapanda juu kuwa mzizi unaosema: chini yangu nenda kushoto, juu yangu nenda kulia. Kila ukurasa wa chini umebaki na nafasi mbili tupu.

Tukiendelea kuingiza namba nyingine kwa mtindo huo, mti unaweza kufika hapa:

```
            [33 58 75 88]
[15 27] [40 44 47 50] [62 71] [80 85] [90 94]
```

Ingiza 45. Mahali pake ni kati ya 33 na 58, katika jani la pili, ambalo limejaa. Jani linagawanyika: 40 na 44 upande mmoja, 47 na 50 upande wa pili, na 45 inapanda. Lakini huko juu nako pamejaa. Mzizi ungekuwa na 33, 45, 58, 75 na 88, kwa hiyo nao unagawanyika kwa kanuni ile ile, na 58 inapanda kuwa mzizi mpya:

```
                 [58]
       [33 45]         [75 88]
[15 27] [40 44] [47 50]   [62 71] [80 85] [90 94]
```

Angalia mti ulivyorefuka. Hakuna jani lililochipua chini ya jani jingine. Ngazi mpya imeongezwa juu, kwenye mzizi, na majani yote yamesogea chini kwa hatua moja kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, hakuna mteja ambaye njia ya kumfikia ni ndefu kuliko ya mwenzake, hata namba ziingie kwa mpangilio gani. Mimi huona huu ndio uzuri hasa wa uvumbuzi wa Bayer na McCreight: usawa wa mti haufanyiwi kazi ya ziada, unatokana na kugawanya kwenyewe. (Katika hifadhidata nyingi za leo, kinachopanda kutoka kwenye jani ni nakala tu, namba zote za wateja hubaki kwenye majani.)

Hata hivyo, mpangilio wa kuingia una athari kwenye nafasi. Namba zikija kwa kupanda tu, 1, 2, 3 na kuendelea, kila ukurasa utakaogawanywa katikati utabaki nusu tupu milele, maana hakuna namba ndogo itakayorudi kuujaza. PostgreSQL huligundua hilo: jani la mwisho kulia linapojaa, huacha takriban asilimia 90 ya nafasi ya ukurasa wa zamani ikiwa imejaa, na kupeleka mpya kiasi kidogo tu. Namba za kubahatisha, kama UUID za toleo la 4, huangukia popote. Kurasa hugawanyika kila upande, wastani wa ujazo hukaa karibu na asilimia 70, na kila anayeingia huenda akahitaji jani ambalo haliko kwenye kumbukumbu. Safari za diski tulizokuwa tukizikimbia zinarudi. Ndiyo maana toleo la 7 la UUID, lililoidhinishwa mwaka 2024, huanza na muda ili namba mpya ziende pamoja upande wa kulia.

Anayetaka kujua hali ya faharasa yake kwenye PostgreSQL huuliza hivi:

```
CREATE EXTENSION pgstattuple;
SELECT tree_level, avg_leaf_density
FROM pgstatindex('wateja_pkey');
```

`tree_level` ni ngazi ya mzizi ikihesabiwa kuanzia 0 kwenye majani, kwa hiyo 2 ina maana ya ngazi tatu. `avg_leaf_density` ni ujazo wa majani kwa asilimia. Ikisoma 70 hakuna cha kushtua. Ikishuka hadi 30, mara nyingi ni kwa sababu wateja wengi wamefutwa, kwani PostgreSQL haiunganishi kurasa mbili zilizobaki na namba chache. Huuondoa ukurasa pale tu unapokuwa mtupu kabisa. Dawa yake ni `REINDEX INDEX CONCURRENTLY wateja_pkey`, ambayo huujenga mti upya huku makarani wakiendelea kuandikisha wateja.