Chujio Lifuate Sufuria

Kwenye shughuli ya harusi, saa ya hatari huko uani huwa pale wali wa biriani unapokaribia kuiva. Mchele huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi, na ukibakiwa na kiini kigumu kidogo ndani ya punje, lazima uchujwe upesi, la sivyo utakuwa bokoboko. Hapo huitwa vijana wawili, wanashika matambara, na sufuria inavuka ua mzima kulifuata chujio. Njiani kuna mabeseni ya vitunguu, wakata kachumbari waliokaa kwenye vigoda, na watoto waliokuja kuonjeshwa.

Tupige hesabu ya mzigo wenyewe. Kilo 10 za mchele zikichemshwa kwa lita 40 za maji, tayari ni kilo 50, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza uzito wa sufuria na mfuniko, wanaubeba zaidi ya mfuko wa saruji. Tena mfuko wa saruji hautikisiki ndani. Maji hufuata mwendo wa mbebaji: kila hatua huyasukuma, wimbi hukua, na likifika ukingoni hurukia mkono. Mkono ukichomwa hulegea, sufuria huinama, na kinachofuata ni mapaja na miguu. Maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde moja hivi, na haya yametoka kuchemka sasa hivi.

Wapishi wazoefu huigeuza safari hiyo: sufuria inabaki palepale mafigani, chujio ndilo linalosogezwa. Weka beseni pana la bati kando ya jiko kabla mchele haujaingia majini, pandisha chujio juu yake, kisha uchote wali kwa kijiko kikubwa chenye matundu na mpini mrefu. Kuni zivutwe nje kwanza. Kwa kuwa kuchota kunachukua dakika kadhaa, anza wali ukiwa mgumu kidogo kuliko kawaida yako, kwa sababu wa mwisho utaendelea kuiva majini wakati wa kwanza umeshatoka. Wali ukiisha, funika maji yaliyobaki na uyaache yapoe hapohapo.

Mafuta ya kukaangia vitunguu vya biriani yanataka tahadhari zaidi. Huwa kwenye nyuzi 170 hadi 190, hayatoi mvuke wa kukuonya, na yakimwagika hung'ang'ania ngozini. Hupoa polepole mno, kwa hiyo sufuria iliyotulia kimya bado yaweza kuunguza muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Ukihitaji mafuta kidogo ya kunyunyizia juu ya wali, yachote kwa upawa mkavu. Tone la maji likiingia hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta nje. Sufuria yenyewe isihamishwe mpaka ipoe.

Kuna nyakati hakuna budi kubeba, kwa mfano mvua ikianza na jiko liko wazi. Basi punguza kwanza: chota maji mpaka yabaki chini ya theluthi mbili za sufuria. Fagia njia, na palipomwagika mafuta pamwagie majivu au mchanga. Andaa mahali pa kutua kabla ya kunyanyua. Wabebaji wavae viatu vilivyofunika vidole, si kandambili, na kanga au deraa lifungwe juu lisikanyagwe. Matambara yawe makavu, kwani tambara bichi hupitisha joto haraka hadi kiganjani. Waende ubavu kwa ubavu, kila mmoja na sikio lake la sufuria, asiwepo wa kutembea kinyumenyume. Mtu wa tatu atangulie akiita, "Moto! Moto! Pisheni!" Sufuria ikiponyoka, iacheni iende na mruke nyuma. Anayejaribu kuidaka ndiye anayeungua zaidi.

Mtu akiungua, mtoe kwenye hatari na umwagie maji safi ya baridi, si barafu, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Mvue nguo zilizolowa, bangili na pete mapema kabla hajavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta, na malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, aende hospitali. Mtoto mdogo apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo.