Akichukua Sabuni Moja, Afukuzwe?

Januari 2008, katika duka moja la Kaiser's jijini Berlin, Ujerumani, viliokotwa vikaratasi viwili vya mteja vya kurudishiwa fedha za chupa tupu. Kimoja kilikuwa cha senti 48 za yuro, kingine cha senti 82. Meneja alimkabidhi keshia avitunze ofisini, mwenyewe asije akavidai. Siku chache baadaye keshia huyo alinunua mahitaji yake palepale dukani, na vikaratasi vilevile vikapunguza bili yake. Mwezi uliofuata alifukuzwa bila notisi. Alikuwa ameanza kazi mwaka 1977.

Mahakama mbili za mwanzo zilimpa ushindi mwajiri: keshia akishavunja uaminifu, thamani ya alichochukua haina maana tena. Tarehe 10 Juni 2010, Mahakama ya Kazi ya Shirikisho, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa kesi za ajira nchini humo, ilizitengua hukumu zote mbili na mama huyo akarudishwa kazini. Majaji hawakusema kwamba hakukosa. Walisema amekosa vibaya, kwa kuwa keshia hulipwa ili fedha za wengine ziwe salama mikononi mwake. Lakini imani iliyojengwa kwa miaka 30 haikuweza kuhesabiwa kuwa imekwisha yote kwa yuro moja na senti 30. Onyo lingetosha.

Jambo la kushika katika hukumu hiyo ni kwamba majaji walikataa kutaja bei. Hawakusema kuwa chini ya kiasi fulani mtu hafukuzwi. Wala hawakukubali kwamba kila wizi, hata wa senti, unamaliza ajira moja kwa moja. Kila kesi ipimwe kwa mazingira yake.

Sheria za Tanzania zinapita njia hiyohiyo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zilitungwa Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Kanuni ya 12 inasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ithibitike kuwa ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike tena. Katika orodha ya makosa yanayoweza kufikia uzito huo umo ukosefu mkubwa wa uaminifu, na wizi huingia hapo. Neno "yanayoweza" ndilo lenye kazi. Orodha inamfungulia mwajiri mlango. Haimwondolei wajibu wa kupima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfungaji mizigo wa kiwanda cha sabuni anapekuliwa getini jioni na kukutwa na miche miwili ndani ya mkoba. Mwajiri anasema ni wizi. Yeye anasema ilikuwa imevunjika, na ya namna hiyo huwa wanaichukua.

Swali la kwanza ni kama kulikuwa na sheria ya kazini, na kama ilikuwa wazi na yeye aliijua. Ikiwa kuna tangazo ukutani linalokataza kutoka na bidhaa yoyote bila kibali, hata iliyoharibika, na alisaini alipoajiriwa, utetezi wake unapungua nguvu. Ikiwa wasimamizi wamekuwa wakiwaachia wafanyakazi mabaki kwa miaka, hali ni nyingine kabisa: aliyeamini kwa dhati kwamba ameruhusiwa si mwizi, hata kama alikosea.

Swali la pili ni kama sheria hiyo inawabana wote kwa usawa. Endapo mwaka jana dereva alikutwa na miche mitatu akapewa onyo la maandishi, mwajiri atatakiwa kueleza kwa nini huyu afukuzwe. Kampuni nyingi huanguka hapa, kwa sababu mafaili ya nidhamu ya zamani huletwa mezani yakazungumza yenyewe.

Swali la tatu ni adhabu. Hapo hutazamwa aina ya kazi, uwezekano wa kurudia kosa, muda aliotumikia, rekodi yake na hali yake binafsi. Miche hiyohiyo miwili ikikutwa kwa mtunza stoo, ambaye kazi yake nzima ni kuaminiwa na mali, mizani hulemea upande wa kufukuzwa. Ikikutwa kwa mfungaji mizigo wa miaka 15 asiye na doa, aliyekiri mapema, onyo la mwisho la maandishi linaweza kuwa ndiyo adhabu ya haki. Anayekana kila kitu na kumsingizia mwenzake hujiharibia, maana anaonyesha kuwa imani haiwezi kurudi.

Waajiri wengi hudhani kufukuza papo hapo ni kumwambia mtu aache kitambulisho getini na asirudi kesho. Sivyo. Kinachoondolewa ni notisi, si haki ya kusikilizwa. Kanuni ya 13 inadai uchunguzi ufanyike kwanza, kisha mtuhumiwa apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kwenye kikao cha nidhamu ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti awe kiongozi ambaye hakuhusika na tukio. Msimamizi aliyempekua getini, kwa mfano, anafaa kuwa shahidi. Hafai kuendesha kikao. Kosa likithibitika, mtuhumiwa apewe nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu kabla uamuzi haujatolewa.

Kenya nayo iko hivyo. Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kufukuza bila notisi hata pale mwajiri ana sababu za kutosha za kushuku kosa la jinai dhidi yake au mali yake. Hata hivyo kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu na kumsikiliza mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kabla ya kumwachisha.

Kuhusu ushahidi, mzigo ni wa mwajiri, ila si mzito kama wa mahakama ya jinai. Inatosha aonyeshe kuwa, kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, kosa lilitendeka. Kwa hiyo aliyekutwa na mali asitegemee kwamba pasipo kesi ya polisi hakuna kosa. Naye mwajiri asitegemee tetesi: ataulizwa kitabu cha ukaguzi cha getini, jina la aliyeshuhudia upekuzi, na hesabu ya stoo inayoonyesha kuwa mali ni yake.

Pana jambo moja linalowapotezea wafanyakazi haki kuliko mengine. Getini mtu huambiwa, "Andika barua ya kuacha kazi, tusikupeleke polisi." Akiandika kwa hofu, kwenye karatasi hakuna aliyemfukuza, na itambidi kwanza athibitishe kuwa alilazimishwa. Aliyefukuzwa waziwazi nchini Tanzania ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1 ya Tume. Zikipita, huanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, kabla hata swali la miche ya sabuni halijaguswa.